Friwili ya meno 22: hesabu ya mwendo wa mamba kati ya Kibuye na Riat

Anayebeba mzigo kwa baiskeli Kisumu ana barabara za aina mbili. Kuna ile ya kwenda Ahero, inayokata tambarare ya Kano, na ukiishika asubuhi kabla upepo haujaamka unaweza kukanyaga hadi ukasahau kuwa unakanyaga. Na kuna ile ya kwenda Kakamega, ambayo ukishapita Mamboleo inainuka kuelekea Riat, na hapo waendesha baiskeli wengi hushuka wakasukuma. Baiskeli ni ile ile: mamba, chuma kizito, breki za fimbo, keria nyuma, gia moja tu.

Binamu yangu hununua vitunguu na nyanya Kibuye na kuvipeleka kibandani kwake juu ya Riat. Mwezi uliopita friwili yake, ile gia ya nyuma inayolia tik-tik-tik miguu ikitulia, ilianza kuteleza, ikabidi inunuliwe nyingine. Fundi alikuwa na ya meno 18 kama ile iliyokuwepo, ya 20 na ya 22, na bei zao zilikaribiana. Binamu akaniuliza achukue ipi. Nilifurahi mno kuulizwa, kwa sababu swali hilo lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Baiskeli inasogezwa na vitu vitatu vinavyozidishana. Cha kwanza ni mzingo wa gurudumu la nyuma, yaani urefu wa ardhi linaoumaliza likizunguka mara moja. Cha pili ni uwiano wa gia: meno ya mbele ugawe kwa meno ya nyuma, upate gurudumu linazunguka mara ngapi pedali ikizunguka mara moja. Cha tatu ni miguu inazungusha pedali mara ngapi kwa dakika. Ukizidisha vyote vitatu unapata mita kwa dakika. Zidisha kwa 60, gawa kwa 1000, na hizo ni kilomita kwa saa:

```
mwendo = mzingo × (mbele ÷ nyuma) × mizunguko × 60 ÷ 1000
```

Mzingo ndio watu hukosea zaidi, kwa sababu huusoma kwenye tairi badala ya kuupima. Tairi ya mamba imeandikwa 28 x 1½, na pembeni, kwa herufi ndogo, 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi inapokaa. Lakini zile tairi nyembamba za baiskeli za mbio zinazoandikwa 700 x 28C nazo watu huziita namba 28, na rimu yake ni 622. Haziingiliani, na mizingo yake inapishana kwa sentimita kadhaa. Kwa hiyo "ishirini na nane" peke yake haikuambii kitu cha kutegemea.

Kupima ni rahisi. Pump tairi kama unavyoijaza siku ya kazi, tafuta mahali pa saruji palipo sawa, zungusha gurudumu hadi valvu ikae chini kabisa, uchore mstari wa chaki sakafuni chini yake. Mwenye baiskeli apande, kwa sababu uzito wake hubonyeza tairi na kupunguza kidogo ule umbali wa ekseli kutoka chini. Wewe msukume polepole, moja kwa moja, hadi valvu irudi chini mara tano, uchore mstari wa pili. Sisi tulifanya hivyo kwenye veranda ndefu ya duka lililofungwa, tukapata mita 11.05. Gawa kwa tano: mita 2.21. Mizunguko mitano inafaa kuliko mmoja, maana kama mkono wako umekosea kwa sentimita mbili kwenye mstari wa mwisho, kosa hilo nalo linagawanyika kwa tano.

Meno ya mbele tuliyahesabu kwa kupaka chaki kwenye jino la kwanza ili tusipotee: 44. Nyuma ilikuwa 18. Mbele kwa nyuma inatoa 2.44, na ukizidisha kwa 2.21 unapata mita 5.40. Nawaomba muishike namba hii, kwa sababu ndiyo baiskeli yote: kila pedali ikizunguka mara moja, mamba ya binamu inasogea mita 5.40. Ukiweka friwili ya 20 itasogea mita 4.86. Ukiweka ya 22, mita 4.42.

Unaweza kuihakiki barabarani. Chukua kilomita moja unayoiamini, ikanyage yote bila kuachia miguu itulie hata mara moja, uhesabu mguu wa kulia tu kila unapofika chini. Kwa mita 5.40 inatakiwa uhesabu 185. Ukipata karibu mara mbili yake, umehesabu miguu yote miwili. Ukipata pungufu, kuna mahali ulijiachia ukateremka kwa friwili, na pale baiskeli inapoteremka yenyewe hesabu yetu haina kazi, kwa sababu mnyororo hauvuti kitu.

Sasa tambarare. Binamu akienda bila mzigo kwenye barabara ya Ahero, kwa mkao ule wa mamba wa kuketi wima na kifua kukinga upepo, miguu yake huzunguka kama mara 60 kwa dakika. Nilimhesabia kwa sekunde 15 nikazidisha kwa nne. Mara 60 kwa mita 5.40 ni mita 324 kwa dakika, yaani kilomita 19.4 kwa saa. Kwa friwili ya 22, miguu ikibaki 60, mwendo ni kilomita 15.9. Hapa ndipo fundi alipoingilia.

"Ukiweka ishirini na mbili utakuwa unakanyaga kama cherehani na hufiki popote," alisema. "Kumi na nane ndiyo inakimbia."

Ndivyo watu wengi wanavyoelewa gia: ndogo nyuma inakimbia, kubwa inapanda. Lakini gia haina nguvu yoyote ndani yake. Nguvu inatoka mguuni, na barabara ndiyo inayoamua nguvu hiyo itanunua mwendo gani. Gia inaamua jambo moja tu: kwa mwendo huo, mguu utazunguka upesi na kusukuma kidogo, au utazunguka polepole na kusukuma sana. Kwa hiyo ile hesabu inafaa zaidi ukiisoma kinyumenyume. Usiulize "nikikanyaga mara 60 nitaenda kasi gani?" Uliza "kwa mwendo ambao mwili wangu unauweza hapa, miguu italazimika kuzunguka mara ngapi?"

Ukiusoma hivyo, tambarare haina tatizo kubwa. Kwa kilomita 20 kwa saa, friwili ya 18 inataka miguu izunguke mara 62 kwa dakika, ya 20 mara 69, ya 22 mara 75. Mara 75 si cherehani. Waendesha baiskeli wa mbio hukaa kati ya mara 80 na 100 kwa dakika, saa nyingi mfululizo. Filippo Ganna wa Italia, alipoweka rekodi ya saa moja ya kilomita 56.792 kule Grenchen, Uswisi, mwezi wa kumi 2022, alitumia meno 65 mbele na 14 nyuma. Ukipiga hesabu kwa gurudumu la takriban mita 2.1, unakuta miguu yake ilizunguka karibu mara 97 kila dakika kwa saa nzima. Miguu hiyo hiyo, kwa kasi hiyo hiyo ya kuzunguka, ingeipeleka mamba ya binamu kwa kilomita 31. Tofauti iliyobaki yote iko kwenye gia, na gia ile Ganna aliiweza kwa sababu alikuwa na nguvu ya kuisukuma, ndani ya ukumbi usio na upepo, akiwa amelala juu ya usukani.

Gharama ya 22 kwenye tambarare ipo, nisiifiche. Kila kilomita inataka mizunguko 226 badala ya 185. Asiyezoea kukanyaga haraka ataanza kurukaruka kwenye kiti, na kiti cha mamba chenye springi kinazidisha huko kuruka. Inachukua muda mwili kuzoea. Lakini hiyo ni gharama ya mazoea, si ya nguvu.

Twende Riat sasa, maana friwili inachaguliwa kule. Binamu ana kilo 65, mamba yake na keria kama kilo 20, gunia kilo 50. Jumla 135. Chukua sehemu yenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 za barabara. Mteremko unamvuta nyuma kwa asilimia 5 ya uzito wote, yaani kama kilo 6 na robo tatu. Ongeza msuguano wa tairi kwenye lami, kilo moja na ushee, na unapata karibu kilo 8 zinazomrudisha nyuma muda wote anaopanda. Upepo kwa mwendo huu ni kidogo, tuuache.

Kijana mwenye mazoezi kama yeye anaweza kutoa wati 200 kwa dakika kadhaa mfululizo. Wati 200 dhidi ya kilo 8 zinatoa mita 2.5 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 9 kwa saa. Huo ndio mwendo wake kwenye mwinuko huo. Friwili ya 18, ya 20, ya 22, hakuna itakayoubadilisha. Kilomita 9 kwa saa ni mita 150 kwa dakika, na sasa tunagawa: kwa mita 5.40, miguu inazunguka mara 28 tu kwa dakika. Kwa 4.86, mara 31. Kwa 4.42, mara 34.

Mara 28 kwa dakika maana yake ni kwamba kila mguu unachukua zaidi ya sekunde moja kushuka kutoka juu hadi chini. Mtazame mtu anayepanda hivyo. Pedali moja ikifika juu kabisa na nyingine chini kabisa, hakuna mguu unaosukuma kitu, baiskeli inapunguza mwendo, usukani unayumba, gunia nyuma linavuta upande. Halafu mguu unaanza kushuka, baiskeli inasonga tena, inafika pale pale pasipo na nguvu, inayumba tena. Mwendo ukishuka kidogo zaidi ya hapo, unakwama katikati ya mzunguko na kuangukia upande wa gunia.

Na nguvu ya kila kukanyaga? Krenki yake, ule mkono unaoshika pedali, ina sentimita 17, kwa hiyo mguu ukifanya duara moja unasafiri mita 1.07. Wakati huo baiskeli imesafiri mita 5.40, mara tano ya safari ya mguu. Mguu ukisafiri moja ya tano, lazima usukume mara tano: kilo 8 za barabarani zinakuwa kama kilo 40 kwenye pedali. Na hiyo ni wastani wa duara zima. Kwa kuwa juu na chini mguu hausukumi chochote, katikati ya kushuka lazima usukume zaidi ya wastani kwa nusu na kidogo, yaani karibu kilo 64.

Binamu ana kilo 65. Ndiyo sababu kwa friwili ya 18 husimama juu ya pedali na kuweka mwili wote kwenye mguu mmoja, na bado inatosha kwa shida. Barabara ikiinuka kidogo tu zaidi ya asilimia 5, uzito wake hautoshi tena bila kuvuta usukani kwa mikono, na hapo anashuka. Watu husema mapafu yamemshinda, kumbe bado alikuwa na pumzi. Uzito wa mwili ndio ulioisha.

Kwa friwili ya 20, ile kilo 64 inashuka hadi kama 58. Kwa 22 inashuka hadi 52, na hapo mtu wa kilo 65 anapata nafasi ya kupumua kati ya anachokitaka mlima na alichonacho. Bado atainuka kwenye kiti, lakini hatakuwa akipigana kwa mwili wake wote kila mguu unaposhuka. Nilimshauri achukue 22. Angekuwa mtu wa kubeba abiria Kondele, Nyamasaria na Ahero tu, asiyegusa mlima, ningemwambia abaki na 18, na fundi angekuwa na haki yote. Ya 20 naiona inamfaa anayepanda mara moja moja bila gunia.

Tusiidai 22 zaidi ya inachoweza. Ili binamu apande kwa kilomita 9 huku miguu ikizunguka mara 60, angehitaji mita 2.5 kwa kila mzunguko wa pedali, na kwa meno 44 mbele hiyo ni friwili ya meno 39, ambayo haiuzwi. Baiskeli za mlimani za mtumba zenye gurudumu la inchi 26 zina gia ya meno 28 mbele na 28 nyuma. Mzingo wake ni kama mita 2.05, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea hizo hizo 2.05, na kwa kilomita 9 miguu huzunguka mara 73 ukiwa umeketi. Ni raha kubwa mlimani. Lakini keria zake na njiti zake hazivumilii gunia la kila siku kama mamba, na dereila, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia, ikigongwa na mzigo mara moja, gia zote zimekwisha.

Kuifunga kulikuwa na jambo ambalo lilinipendeza sana. Friwili kubwa inakula mnyororo mwingi zaidi, lakini mnyororo huizunguka nusu yake tu, kwa hiyo meno manne ya ziada yanahitaji urefu wa mapingili mawili. Pingili moja la mnyororo wa baiskeli, kutoka pini hadi pini, ni nusu inchi. Mawili ni inchi moja, na mnyororo huu huongezwa kwa mawili mawili, kwa sababu jembamba na pana hupokezana. Kwa hiyo kutoka 18 kwenda 22 unaongeza jozi moja na ekseli ya nyuma inakaa karibu pale pale ilipokuwa. Kutoka 18 kwenda 20 ungehitaji pingili moja, ambalo huwezi kuliongeza peke yake, na ingekubidi usogeze gurudumu mbele milimita 6. Kwenye mamba hilo si dogo: breki za fimbo huvuta vipande vya mpira juu kuelekea rimu, na ukisogeza gurudumu lazima uvipange upya, la sivyo kimoja kinashika na kingine kinaelea.

Kabla ya kuongeza ile jozi tulipima mnyororo wenyewe. Mapingili 24 ya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Weka rula katikati ya pini, uhesabu 24. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, pini zimelika na mnyororo umerefuka. Mnyororo wa hivyo ulikuwa ukielewana na friwili ya zamani kwa sababu vililika pamoja. Kwenye friwili mpya hauketi vizuri kati ya meno, na unaruka hasa pale unaposukuma kilo 52 kwa mguu mmoja, mlimani, gunia likiwa nyuma. Wa binamu ulikuwa umepita alama hiyo, kwa hiyo alinunua mpya, akalalamika kidogo kuhusu pesa, akalipa.

Juzi alinipigia simu kutoka juu. Alikuwa amehesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15 kwenye ile sehemu iliyomshinda, akapata 8. Nane mara nne ni 32, kwa mita 4.42 ni kilomita 8.5 kwa saa, na hakushuka. Kuna kona moja juu zaidi, yenye mwinuko mkali, ambayo bado anasukuma, na nimemwambia friwili haitaisaidia ile. Ama apunguze gunia kilo 15, ama aendelee kushuka pale. Amesema atapunguza vitunguu siku za mvua, kwa sababu lami ikilowa kushuka na kusukuma ni kazi zaidi.